Barua ya mama wa Buyenzi kwa mwalimu wa darasa la tano

Katika shule za Burundi, mtoto hufundishwa kwa Kirundi miaka minne ya mwanzo. Akiingia darasa la tano, masomo yanageuka kuwa ya Kifaransa. Kwa mtoto wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anayezungumza Kiswahili nyumbani na mtaani, hiyo ni mara ya pili kubadilishiwa lugha, na wapo wanaoshikwa na hofu hapo hapo. Barua ninayoichambua ni ya mfano, niliyoitunga kwa ajili ya hali hiyo. Mama anamwandikia mwalimu wa binti yake hivi:

"Madamu, salamu kwako. Asubuhi za shule mwanangu anaumwa tumbo. Jumamosi na Jumapili haumwi. Nilimpeleka kituo cha afya, akapimwa malaria na minyoo, hawakuona kitu. Maumivu yanazidi siku za kusoma Kifaransa kwa sauti. Mwezi uliopita aliitwa ubaoni, sauti ikakatika, wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani."

Angalia kwamba mama hakutaja jina la ugonjwa. Akiandika kuwa mtoto ana ugonjwa wa wasiwasi, mwalimu anaweza kubisha, kwa kuwa mama si daktari. Lakini tumbo linalopona kila Jumamosi halina ubishi. Kituo cha afya nacho kimetajwa mapema, kwa sababu swali la kwanza la mwalimu lingekuwa kama mtoto amepimwa. Kicheko kimesemwa jinsi kilivyotokea, bila kumlaumu Madamu kwamba aliwaacha watoto wacheke. Lawama ingemfanya ajitetee, na ombi lisingesikika.

Ombi lenyewe ndipo barua nyingi za aina hii zinapoharibika. Mzazi kwa huruma huandika: "Naomba asiitwe tena kusoma." Mtoto anatulia siku hiyo hiyo, na utulivu huo ndio unaoilisha hofu. Kila anapokwepa anazidi kuamini kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa, na ubao unakuwa wa kutisha zaidi wiki inayofuata. Kumrudisha nyumbani tumbo linapouma kuna matokeo yale yale.

Mama huyu ameomba vingine: "Naomba aanze kwa kukusomea wewe peke yako sentensi moja, darasa likishatoka. Akizoea, asome na jirani yake wakiwa wamekaa dawatini. Kisha asome peke yake akiwa amekaa, sentensi aliyoambiwa tangu jana. Ubaoni iwe mwisho. Tumbo likimshika, aende anywe maji, dakika tano, kisha arudi darasani. Sentensi ya kesho nitamsikiliza mimi usiku."

Hiyo ni ngazi, na kila kipandio kinarudiwa mpaka mtoto asome mara mbili tatu bila kutetemeka. Mwalimu hapewi kazi kubwa. Shule nyingi za Bujumbura zina madarasa yaliyojaa, na nyingine husomesha kwa zamu mbili, kwa hiyo Madamu ana dakika chache tu kabla kundi la mchana halijaingia. Sentensi moja inatosha kwenye dakika hizo. Nusu saa ya mazungumzo ingeshindikana siku ya pili. Mazoezi yaliyobaki mama ameyachukua mwenyewe, na nadhani hapo ndipo mwalimu anapokubali.

Barua inafungwa na kukabidhiwa mkononi. Ikiwekwa ndani ya daftari, dawati zima litaisoma. Mama ameongeza jambo moja ambalo mimi nisingeliacha kamwe: "Tafadhali usiwaambie wenzake." Mwalimu mwema husimama akatangaza kwamba fulani anaogopa, msimcheke. Anakusudia kumlinda, lakini tangazo hilo linarudisha macho yote kwa mtoto, na macho hayo ndiyo anayoyaogopa.

Mwishoni mama anaahidi kurudi baada ya wiki tatu na maswali mawili: amefika kipandio gani, na anatoka darasani mara ngapi kwa wiki. Kutoka kukipungua, waendelee. Kukiongezeka, kipandio kilikuwa kirefu mno, warudi kilichotangulia. Neno "anaendelea vizuri" halimpi mama cha kufanya.

Ngazi hii ina mpaka wake. Mtoto asiyelala, asiyekula, anayekataa kabisa kutoka nyumbani au anayezungumza juu ya kufa haponi kwa barua. Huyo apelekwe kwa madaktari bila kusubiri wiki tatu. Bujumbura kuna Kituo cha Magonjwa ya Akili na Mishipa ya Fahamu cha Kamenge.

Mzazi wa Buyenzi au Bwiza ambaye mtoto wake ameingia darasa la tano Septemba, ukiona tumbo linachagua siku za shule, mwandikie mwalimu mwezi huo huo, kabla mtoto hajazoea kurudishwa nyumbani.