Laini 20 kwenye makaratasi: kasoro ya namna tunavyotumia fomula ya Erlang

Kwenye vitini vingi vya mawasiliano, swali la kituo cha simu huishia mistari mitatu. Chukua idadi ya simu za saa yenye msongamano, zidisha kwa muda wa maongezi, halafu angalia jedwali la Erlang B. Jibu linatoka, mwanafunzi anapata maksi, basi. Shida ni kwamba kituo kikijengwa kwa jibu hilo, mtu wa Wampembe, kule Nkasi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, akipiga 199 kuuliza jambo la afya anaweza kukutana na mlio wa "inatumika" mara nyingi kuliko karatasi ilivyoahidi. Fomula yenyewe haina kosa. Kosa ni kile tunachoilisha.

Tuanze na fomula inachosema. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, aliichapisha mwaka 1917. Mzigo wa simu, tuuite A, ni simu zinazoingia kwa saa mara muda ambao kila simu inakalia laini, muda huo ukiwa kwa saa. Kipimo chake leo kinaitwa Erlang: Erlang 1 ni laini moja iliyoshikwa saa nzima. Ukiwa na A na idadi ya laini, fomula inakupa B, yaani uwezekano wa mpigaji kukuta laini zote zimeshikwa. Huhitaji jedwali wala faktoria kubwa, unapanda ngazi moja moja:

```
A = 12
b = 1.0
for n in range(1, 21):
    b = A*b / (n + A*b)
print(b)
```

Sasa tuchukue kituo cha kubuni: simu 240 kwa saa, maongezi dakika 3 kwa wastani. 240 mara 3 gawa kwa 60 ni Erlang 12. Code hiyo inatoa 0.0098 kwa laini 20, yaani chini kidogo ya asilimia 1. Kitini kinasema: agiza laini 20, kazi imeisha.

Hapo ndipo ninapopinga. Laini ya kuingilia kituoni inashikwa tangu simu inapopokelewa na mtambo, muda mrefu kabla mhudumu hajasema "karibu". Kwanza kuna sauti iliyorekodiwa, ile ya "kwa Kiswahili bonyeza moja". Tuseme inachukua sekunde 30. Hiyo peke yake ni Erlang 2 zaidi. Kisha kuna foleni. Tuseme wahudumu ni 14. Kwa mzigo wa Erlang 12, fomula ya pili ya Erlang, ile ya foleni, inasema karibu nusu ya wapigaji watasubiri, na wastani wa kusubiri ukigawanywa kwa wapigaji wote ni kama sekunde 43. Muziki wa kusubiri nao unakula laini: karibu Erlang 2.9 nyingine. Jumla inafika 16.9. Rudisha 16.9 kwenye code na laini zile zile 20, utapata B ya asilimia 8.4. Ukitaka asilimia 1, fomula inakuambia laini 26.

Wengi wanaojua kosa la kwanza huishia hapa, wakijiona wamelimaliza. Bado. Erlang B haijali muda wa simu umesambaa vipi, wastani tu unaitosha, lakini inadai muda wa simu moja usitegemee nyingine. Kwenye foleni dai hilo linavunjika: nikisubiri mimi, aliye nyuma yangu anasubiri pia, na wote tunashika laini kwa wakati mmoja. Idadi ya laini zilizoshikwa inayumba kuliko fomula inavyodhani.

Nimepiga hesabu ya kituo hicho hicho kwa modeli inayoweka sauti iliyorekodiwa, wahudumu 14 na foleni pamoja, huku simu mpya ikikataliwa laini zote zikijaa. Kwa laini 20, wanaokataliwa ni karibu asilimia 5, pungufu ya ile 8.4, kwa sababu laini chache zinaikata foleni yenyewe. Lakini kwa laini 26 wanaokataliwa ni kama asilimia 1.7, na asilimia 1 inapatikana ukifika kama 29 au 30. Angalia jinsi fomula inavyokosea pande mbili: inatisha kupita kiasi pale laini zinapokuwa chache, inatuliza kupita kiasi pale zinapokaribia kutosha.

Sasa mtu atasema, ongeza laini 10 basi, bei yenyewe si kubwa. Sawa, ila ujue unanunua nini. Wahudumu 14 wa dakika 3 kwa simu wanamaliza simu 280 kwa saa, zaidi ya hapo hawawezi. Siku ya mlipuko wa ugonjwa simu zikifika 300, laini 30 zitajaa kama zilivyojaa zile 20. Tofauti ni kwamba watu 16 watakuwa wanasikiliza sauti iliyorekodiwa au muziki badala ya 6. Kwenye namba ya bure kituo ndicho kinacholipia muda huo. Kwenye namba ya kulipia, salio linalokatika ni la mpigaji. Laini zinapaswa kupangwa pamoja na wahudumu, siyo zimalizwe peke yake kwenye ukurasa wake.

Kuna jambo jingine ambalo kitini hakigusi. Erlang B inadhani aliyekataliwa anaondoka zake. Nani anaondoka? Mtu mwenye mtoto ana homa anapiga tena papo hapo, na tena. Kila jaribio linahesabiwa kama simu mpya, kwa hiyo mzigo unapanda wakati ule ule laini zimejaa. Na ubaya zaidi, mtambo wa kituo hauwaoni waliokataliwa. Ripoti ya kituo inaonyesha simu zilizoingia tu. Ukichukua namba hizo kama mzigo na kuagiza laini kwa mwaka ujao, unapima kiu ya kijiji kwa maji yaliyotoka bombani.

Utajuaje kama umefika hapo? Chora laini zilizoshikwa kila dakika. Kituo chenye nafasi kina mchoro wa vilima na mabonde. Kituo kilichoziba kina mchoro uliokatwa juu kama kwa panga, umelala sawasawa kwenye 20 kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kisha omba kampuni ya simu inayokuletea laini hizo hesabu ya simu ilizozikataa kwa kuwa zote zimejaa, maana waliokataliwa wanaonekana upande wake. Namba tofauti zikiwa chache na majaribio yakiwa mengi, hao ni watu wanaopiga tena na tena.

Kwa aliye Wampembe kuna mlango mmoja kabla ya huo. Mnara wa 2G wenye transiva moja una nafasi 8, na kwa kawaida 7 ndizo za maongezi. Ukikubali asilimia 2 ya kukataliwa, nafasi 7 zinabeba Erlang 2.9 tu. Kwa mlango huu Erlang B inafaa vizuri zaidi, maana pale hakuna foleni ya wahudumu. Lakini asilimia 1 ya kituo haijaugusa, na kwa mpigaji milango hiyo miwili inajumlishwa. Kwa hiyo mwalimu akiuliza laini ngapi, jibu la kwanza liwe swali: hiyo saa uliyohesabu, ulihesabu maongezi au ulihesabu laini?