Cheti Kilichorudi Baada ya Kufutwa

Novemba 2015, wamiliki wa baadhi ya kompyuta mpakato za Dell waligundua kwamba mashine zao zina cheti ambacho wao hawakukiweka. Kiliitwa eDellRoot, na kilikaa katika orodha ya mamlaka zinazoaminiwa na Windows, pamoja na zile zinazothibitisha tovuti za benki na barua pepe duniani kote. Waliokishtukia walikitafuta, wakakifuta na kufunga dirisha. Kompyuta ilipowashwa tena, cheti kilikuwa kimerudi mahali pake.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inabidi kujua orodha ile inafanya kazi gani. Kivinjari kinapofungua tovuti ya benki, tovuti hutoa cheti chake, na kivinjari hutazama nani amekitia saini. Mtia saini akiwa kwenye orodha, mawasiliano huendelea bila onyo lolote. Saini hiyo hutolewa kwa ufunguo wa siri, na mwenye ufunguo huo ni sawa na mwenye mhuri wa mahakama: atakachokigonga kitakubalika, kiwe cha kweli au cha kughushi. Mamlaka halali huulinda ufunguo wao ndani ya vifaa maalumu. Dell waliuweka wa eDellRoot ndani ya kompyuta zenyewe, na ulikuwa ufunguo mmoja kwa zote.

Windows ilikuwa imeutia alama kwamba hauruhusiwi kunakiliwa, lakini zana za kuipita alama hiyo zilikuwapo, na haukupita muda kabla haujatolewa. Kuanzia hapo, mtu yeyote aliyeketi kwenye waifai moja na mwenye Dell hiyo aliweza kutengeneza cheti cha tovuti aitakayo, akajiweka katikati na kusoma nywila zikipita. Alama ya kufuli ingebaki pale pale. Hata ulinzi wa ziada ambao Chrome ilikuwa nao kwa tovuti za Google usingepiga kelele, kwa sababu uliachia vyeti vilivyoongezwa kwenye kompyuta yenyewe. Firefox ilinusurika, kwani ilitumia orodha yake binafsi.

Dell walieleza kwamba cheti kilikusudiwa kuwasaidia watoa huduma kuitambua kompyuta ya mteja kwa haraka. Hakuna sababu ya kudhani walitaka kumpeleleza mtu. Lakini kwa aliyekuwa akilipa bili kwenye waifai ya hoteli, nia yao haikupunguza hatari hata kidogo.

Kilichokuwa kikikirudisha cheti ni faili moja, Dell.Foundation.Agent.Plugins.eDell.dll, sehemu ya huduma iliyojiendesha nyuma ya pazia kwa jina la Dell Foundation Services. Huduma ilipoanza, ilikagua orodha. Ilipokikosa cheti, ilikiweka upya. Ndiyo maana mpangilio wa hatua za kukiondoa ulikuwa na maana kubwa. Kwanza huduma ilisimamishwa katika dirisha la Services. Kisha faili ile ilifutwa kutoka folda ya Dell Foundation Services. Baada ya hapo tu ndipo cheti kilipofutwa, tena katika sehemu mbili: kwenye Trusted Root Certification Authorities na kwenye Personal. Mwisho kompyuta iliwashwa upya na orodha ikatazamwa tena. Dell walitoa pia zana ya kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Miezi tisa kabla, Lenovo walikuwa wamekumbwa na tatizo hilo kwa upande wake wa pili. Baadhi ya kompyuta zao ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyokuja na cheti chake, nacho kikiwa na ufunguo mmoja kwa mashine zote. Ufunguo ulilindwa kwa nywila «komodia», jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia yake, na mtafiti mmoja aliigundua mwezi huo huo wa Februari kashfa ilipolipuka. Walioiondoa Superfish kwa njia ya kawaida waliona matangazo yamekwisha, wakaridhika. Cheti kilibaki. Kwa Lenovo, kufuta programu kuliacha cheti. Kwa Dell, kufuta cheti kuliacha programu. Anayesafisha kompyuta hana budi kutafuta vyote viwili.

Utafutaji wenyewe hauhitaji kukariri majina ya mamlaka zote. Kwenye Windows, amri certlm.msc hufungua ghala la vyeti la kompyuta nzima, lakini orodha yake ni ndefu na majina mengi ni mageni hata kwa fundi. Njia ya mkato ni kuuliza swali lililokifichua eDellRoot: ni cheti gani cha mamlaka ambacho ufunguo wake wa siri umo humu humu? PowerShell hujibu kwa mstari mmoja:

```
Get-ChildItem Cert:\LocalMachine\Root |
  Where-Object HasPrivateKey
```

Kwenye kompyuta ya mtumiaji wa kawaida, jibu hutarajiwa kuwa tupu. Likitokea jina, haimaanishi moja kwa moja kwamba kuna mwizi. Zana za watengeneza programu zinaweza kuacha cheti cha aina hiyo, na baadhi ya antivairasi huweka chao ili zikague kurasa zilizosimbwa. Kinachotakiwa ni kumjua mwenye nacho. Jibu tupu nalo lina mpaka wake: kompyuta ya ofisini inaweza kuwa na cheti cha mwajiri ambacho ufunguo wake uko kwenye seva ya ofisi, na amri hii haitakiona. Hicho huonekana kwa kufungua tovuti inayojulikana na kusoma ndani ya cheti chake, kwenye Issued By. Tovuti ya benki ikionyesha jina la antivairasi au la kampuni mahali pa mamlaka ya vyeti, kuna mtu katikati. Kufuta ovyo majina mageni ni hatari vilevile, kwa kuwa Windows yenyewe inategemea baadhi yake.

Kwenye simu kanuni haibadiliki. Katika Android, vyeti vilivyoongezwa hukaa peke yake chini ya User ndani ya Trusted credentials, mbali na vile vilivyokuja na simu, na tangu Android 7 programu nyingi haziviamini mpaka watengenezaji wake waruhusu. Lakini baadhi ya vivinjari, kama Chrome, huviamini, kwa hiyo kinga hiyo si kamili.

Katika iPhone, cheti kwa kawaida huja ndani ya profaili ya mipangilio, pengine pamoja na VPN na barua pepe. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba Facebook iliwalipa watu, wakiwemo vijana wa miaka 13, hadi dola 20 kwa mwezi waweke programu ya utafiti iliyoambatana na VPN na cheti cha kuaminiwa. Profaili kama hiyo haiondoki kwa kufuta alama ya programu kwenye skrini. Huondolewa katika Settings, General, VPN & Device Management, na ikitoka hutoka na vyeti vyake vyote. Nywila hubadilishwa baada ya hapo. Ikibadilishwa kabla, ile mpya nayo hupita mikononi mwa yule yule.

Profaili ya usimamizi ikikosa kitufe cha Remove Management, simu hiyo inasimamiwa na taasisi, jambo linalowakuta baadhi ya wanunuzi wa simu zilizotumika. Kufuta kila kitu hakusaidii, kwa sababu namba ya serial ya simu imesajiliwa kwa Apple chini ya taasisi ile, na profaili hurudi simu inapounganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza. Anayeweza kuiachia ni taasisi iliyoisajili, kwa kuiondoa namba hiyo katika akaunti yake.