Mzaha Kundini, Maneno Mlangoni

Mwenye kujua kumwambia rafiki yake, "ulichokiandika kundini kiliniumiza," na wakaagana bado marafiki, ana ufundi wa kweli, nami nataka kuusifu. Hapa Kolwezi tuna kila sababu ya kuuhitaji. Maisha yetu yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp: ya kwaya, ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya misiba, na zaidi ya yote ya likelemba, ule upatu ambao kila mwezi kila mmoja anatoa fungu lake na mmoja anachukua chote. Humo ndimo tunamofurahi, na humo ndimo mtu anamochomwa mbele za watu na kushindwa kujibu.

Tuchukue mfano wa akina mama wawili walio katika likelemba ya watu kumi na wawili, kila mmoja akitoa dola 50 kwa mwezi. Ni marafiki wa siku nyingi. Mume wa aliye mdogo kati yao hununua madini kwa wachimbaji na kuyauza kwenye depo za Musompo. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje kwa miezi minne ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, kisha ikauongeza muda huo, na mlango haukufunguliwa tena mpaka Oktoba, kwa mgao. Magunia ya mume yakalala. Tarehe 6 Aprili mke akaandika kundini, kwa heshima, kuomba wiki mbili. Usiku ule rafiki yake akajibu: "Kobalti imefungiwa, na pochi ya mwenzetu nayo imefungiwa." Chini yake akaweka stika ya mwanamke aliyelala juu ya gunia tupu. Watu saba wakacheka. Mwisho wa mwezi, mweka hazina alipotoa orodha ya waliolipa, rafiki yule yule akaongeza: "Msimsahau mwenzetu wa kobalti."

Kazi ya kwanza ya aliyeumia ni kusoma upya, kabla hajafungua kinywa. Asiishie kwenye ule ujumbe mmoja. Apande juu yake na ashuke chini yake, atazame saa zake na aone ulikuwa unamjibu nani. Kwetu umeme hukatika na mega huisha. Mtu huandika jambo lake saa mbili usiku bila mtandao, nalo hutoka saa nne akishanunua mega, likatua chini ya habari ambayo hakuwa ameiona. Nimeona kicheko cha mtu aliyekuwa akicheka video ya mtoto kikikaa moja kwa moja chini ya tangazo la kifo, na familia nzima ikanuna. Sauti nazo zisikilizwe tena kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu sauti iliyoharakishwa mara mbili humfanya hata mpole asikike kama anafoka. Ugomvi mwingi hufia hapa. Wa mama wetu haukufa: maneno yalikuwa ya rafiki yake mwenyewe, na aliyesemwa alijulikana.

Kazi ya pili ni kuchagua mifano. Mtu aliyeumia ana ghala zima: ya harusi ya mwaka juzi, ya kilio cha mjomba, ya ile picha. Akiyamwaga yote, rafiki atasikia kwamba amekuwa akiandikiwa daftari miaka yote hiyo, na atajitetea kwa lile lililo jepesi kukanusha. Mifano miwili inatosha, iwe ya karibuni, na iwe ya jambo la aina moja. Wa kwanza unaonyesha lilitokea nini. Wa pili unaonyesha kwamba hakukuwa kuteleza kwa mara moja tu.

Halafu kuna kusema kwenyewe. Mama huyu alikwenda nyumbani kwa mwenzake alasiri, siku ambayo si ya kukusanya pesa, naye akayasema haya: "Yaya, nimekuja kwa jambo moja, halafu tutakunywa chai. Tarehe 6 usiku, nilipoomba wiki mbili, uliandika kwamba kobalti imefungiwa na pochi yangu nayo imefungiwa, ukaweka na ile stika. Watu saba wakacheka. Asubuhi mwenzetu mmoja akanisimamisha sokoni kuniuliza kama ni kweli mume wangu amekimbilia Lubumbashi. Binti yangu alikuwa na simu yangu kwa kazi ya shule, akayasoma yote. Niliona aibu mbele yake. Na orodha ilipotoka mwisho wa mwezi ukanitaja tena, nikafunga simu. Siku hizi nafungua kundi kwa woga. Nikichelewa tena, niandikie mimi peke yangu kwanza."

Tazama alivyoyapanga maneno yake. Maneno ya rafiki ameyarudisha yalivyo, hakuyatia chumvi. Kisha akaeleza yaliyofuata upande wake: soko, mume, binti, simu. Nadhani hapo ndipo penye ufundi wote. Aliyetania aliona vicheko saba kwenye kioo cha simu yake, basi. Hakumwona mtoto akisoma, wala hakuwepo sokoni asubuhi. Mifano ikitolewa namna hii inampa rafiki habari ambazo hakuwa na njia ya kuzipata, na mtu aliyepewa habari ana la kufikiri. Aliyepewa mashtaka ana la kukanusha tu.

Shtaka huingia kwa mlango mdogo. "Ulitaka kuniaibisha" ni kusema yaliyo moyoni mwa mwingine, na huko hakuna aliyefika. "Wewe siku zote" humlazimisha rafiki atafute siku moja aliyokuwa mwema, naye ataipata. "Kila mtu aliona" huwaleta wengine kumi sebuleni ambamo mlikuwa wawili. "Kwa nini ulifanya vile?" hufanana na swali la kawaida, lakini anayeulizwa hana jibu ila kujitetea. Kuna pia lile shtaka lililovaa nguo za huzuni: "Najisikia umenidharau." Marshall Rosenberg, Mmarekani aliyefundisha watu duniani kote namna ya kusemezana bila kuumizana, alisisitiza tofauti hii: kudharauliwa ni hukumu juu ya mwenzako, ilhali aibu, woga na huzuni ni vyako mwenyewe. Aibu ya mama huyu mbele ya bintiye hakuna awezaye kuibishia.

Wengi wetu hukimbilia mafumbo. Pwani kuna kanga, na mwanamke anaweza kumfikishia jirani ujumbe kwa kupita tu mbele ya baraza. Sisi tuna status. Mtu anaweka maneno makali juu ya marafiki wanafiki, watu mia wanayasoma, watatu wanadhani wanasemwa wao, na aliyekusudiwa huenda hata hakufungua. Fumbo lina uzuri wake katika nyimbo, lakini kwa kazi hii linamnyima rafiki kitu kimoja anachokihitaji, yaani kujua ni neno gani, la siku gani.

Kwenda mwenyewe ndiyo njia bora. Rafiki akiwa Lubumbashi au ng'ambo, mpigie. Ile amri ya Répondre en privé ina faida ya kuutoa ujumbe hadharani, ila unabebwa na kuning'inia juu ya maneno yako kama kidhibiti mahakamani. Picha za skrini ndizo mbaya kuliko zote. Atakayetumiwa atajua umezihifadhi. Ukilazimika kutuma sauti faraghani, sema tu yale ambayo ungevumilia kuyasikia kundini, maana sauti husambaa. Na usimwombe afute. Zikishapita siku mbili na nusu hivi mwenyewe hawezi tena kuwafutia wote, na akiwahi kufuta, patabaki pale Ce message a été supprimé, na kundi zima litauliza kilikuwa nini.

Jibu la kwanza karibu daima ni hili: "Lakini nilikuwa nakutania tu." Hapo wengi huharibu kazi kwa kubisha kwamba haukuwa mzaha. Mama wetu alisema, "Najua, yaya. Ungenitania hivyo hapa kwako ningecheka, nami ningekujibu." Utani katika ukanda huu wa shaba una mizizi. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha 1956 juu ya ngoma ya Kalela iliyochezwa Luanshya, ng'ambo ya mpaka, alieleza jinsi wafanyakazi wa migodini wa makabila tofauti walivyotukanana kwa mchezo na kubaki na amani. Kilichouweka mchezo salama ni kwamba aliyetaniwa alikuwa na haki ya kurudisha, palepale. Anayedaiwa mbele ya wadai kumi na mmoja hana haki hiyo. Akijibu kwa mzaha ataambiwa alipe kwanza. Deni humfunga mdomo, na mzaha uleule uliokuwa mtamu jana unakuwa kipigo.

Na kuna mizaha ambayo mtaniaji hajui inagusa nini. Kijana wa hapa anaweza kumwandikia rafiki yake mwenye asili ya Kasai, "treni inakungoja," akidhani anatania. Huenda hakuwa amezaliwa mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Kolwezi na familia nzima nzima zikalala stesheni kungoja treni. Rafiki akimwambia, "Ulipoandika vile, mama yangu alikuwa kando yangu, yeye alilala stesheni ile," amemweleza jambo ambalo shule haikumweleza. Lakini anayeijua historia hiyo na bado akaandika hatafuti utani, na ufundi huu haukuumbwa kwa ajili yake. Huyo ni wa msimamizi wa kundi na wazee.

Hata kwa rafiki wa kweli ufundi huu una mpaka. Kama ulichomweleza chumbani amekitoa kundini, mifano miwili haitarudisha siri. Unaweza kusema uliumia, kisha ukapunguza unayomweleza. Akikujibu "wewe mwepesi wa kuumia," usimtolee mfano wa tatu. Nenda nyumbani.

Yaya hakujibu hivyo. Alinyamaza, akamwita mtoto alete chai, kisha naye akatoa lake: alikuwa amehesabu kupokea zamu mwezi ule ili alipe ada ya shule, na habari ya kuchelewa aliipata kundini pamoja na watu wote, yeye aliye rafiki. Hili mdogo hakulijua. Alilisikiliza mpaka mwisho bila kulipima na la kwake. Wakakubaliana kwamba yeyote kati yao akiona mwezi umebana, atamwambia mwenzake kabla ya kumwandikia mweka hazina, na stika ikaachwa palepale ilipo.