Barua ya kuthibitisha nyongeza si barua ya maombi

Barua ya aina hii mara nyingi huharibika kwenye "YAH", kabla hata ya aya ya kwanza. Tuchukue karani wa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam, aliyeambiwa na meneja kwa mdomo kwamba mshahara wake utapanda kutoka shilingi 850,000 hadi 1,000,000. Akiandika "YAH: OMBI LA NYONGEZA YA MSHAHARA", kisha akaeleza bidii yake na ugumu wa maisha, amejirudisha nyuma mwenyewe. Ombi linaweza kukataliwa, ilhali yeye alishakubaliwa. Na faili likifunguliwa baadaye, barua yake ndiyo itakayoshuhudia kwamba siku ile alikuwa bado anaomba. Kichwa kiwe "UTHIBITISHO WA NYONGEZA YA MSHAHARA", na aya moja ibebe kazi yote: "Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 12 Juni ofisini kwako, uliponijulisha kuwa mshahara wangu utakuwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Julai. Naomba unithibitishie kwa maandishi, pamoja na kama kiasi hicho ni kabla ya makato." Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 peke yake unaondoa 100,000, na kodi bado. Kama meneja hakutamka "kabla ya makato", karani asimwekee maneno mdomoni, aulize.

Wapo watakaosema bosi ataona haaminiwi. Hofu hiyo ina msingi, lakini kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri mwenyewe arekebishe taarifa za maandishi za ajira zinapobadilika, na amjulishe mfanyakazi kwa maandishi. Barua inamkumbusha wajibu alio nao tayari, tena kwa adabu, bila hata kukitaja kifungu.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaoijua sheria: kifungu hichohicho kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira, sasa barua ya nini? Tatizo ni kwamba mzigo huo humwangukia anaposhindwa kutoa mkataba au taarifa za maandishi. Hapa mkataba upo, nao unasema 850,000. Mwajiri akiuweka mezani, karani anabaki na neno lake dhidi ya karatasi. Barua iliyoandikwa siku chache baada ya mazungumzo, nakala yake ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe, inakuwa ushahidi wa kile kilichosemwa.

Hata hivyo haigeuki mkataba. Kuongeza "usiponijibu nitahesabu umekubali" hakusaidii, maana kunyamaza pekee si kukubali. Kipimo ni hati ya mshahara ya Julai. Ikija na 850,000, aandike mara ya pili, akiambatanisha nakala ya barua ya kwanza na hati hiyo, na aanze kuhesabu siku: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka.