Shilingi 1,315 ndani ya riba ya Juni

Mwisho wa mwezi mstari wa riba hutokea kwenye taarifa ya akaunti ukiwa mmoja tu: tarehe, neno fupi la mashine, na kiasi. Benki haionyeshi ilivyofika hapo. Hata hivyo, karibu kila kitu kinachohitajika ili kurudia hesabu hiyo kimo katika taarifa hiyohiyo, na kinachobaki kimo katika barua ya ofa aliyotia saini mteja alipopewa ovadrafti.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi nchini Kenya. Kikomo cha ovadrafti yake ni shilingi 2,000,000 na riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Barua ya ofa inasema kiasi kitakachopita kikomo kitaongezewa asilimia 6 juu ya hiyo 16. Mwaka unahesabiwa siku 365. Tarehe 30 Juni benki ilikata riba ya shilingi 17,117.81, na kazi ya mhasibu wa duka ni kuona kama kiasi hicho kinasimama.

Taarifa ilikuja kama faili ya PDF, na miamala yake ikahamishiwa Excel. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika kabla riba haijaguswa. Salio lililoandikwa 1,700,000.00DR huingia kama maandishi, si namba, na Excel hulipita kimyakimya inapojumlisha. Salio linalorudiwa juu ya kila ukurasa mpya huweza kuingia kama muamala. Tarehe 09/06 inaweza kugeuka kuwa Septemba 6 kama kompyuta imepangwa kwa mtindo wa Marekani.

Dawa yake ni jaribio moja la kila mstari: salio la juu yake, toa kilichotoka, ongeza kilichoingia, lazima lipatikane salio lililochapishwa, hadi senti. Mstari mmoja ukikataa, kazi isimame hapo mpaka sababu ijulikane. Jaribio hili lina upungufu mmoja: halitagundua tarehe iliyogeuzwa, kwa hiyo tarehe zinapaswa kukaguliwa kwa macho, na zisitoke nje ya mwezi unaochunguzwa.

Kisha yanajengwa masalio ya kila siku, siku zote 30, zikiwemo Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Taarifa huonyesha tu siku zenye miamala, lakini riba haipumziki benki ikifungwa. Deni la Ijumaa jioni linahesabiwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Katika jedwali, safu B ina tarehe, D kilichotoka ukiacha riba yenyewe, E kilichoingia, H kalenda ya mwezi, na K1 salio la kuanzia:

```
I2: =$K$1+SUMIFS(E:E,B:B,"<="&H2)-SUMIFS(D:D,B:B,"<="&H2)
J2: =MAX(0,-I2)
L2: =MAX(0,-I2-2000000)
```

Safu J inabeba deni la siku, na L inabeba sehemu iliyopita kikomo. Siku ambazo akaunti ina pesa zake yenyewe zinaandikwa sifuri. Haziruhusiwi kupunguza riba ya siku nyingine.

Mwezi wa duka ulikwenda hivi. Tarehe 1 hadi 4 deni lilikuwa 1,200,000. Tarehe 5 alilipwa msambazaji mmoja, deni likawa 1,700,000 hadi tarehe 8. Ijumaa tarehe 9 alilipwa mwingine, deni likapanda hadi 2,300,000, yaani 300,000 juu ya kikomo. Jumatatu tarehe 12 iliwekwa hundi ya 900,000, deni likashuka hadi 1,400,000. Tarehe 19 mteja mkubwa alilipa, na kwa siku nne akaunti ikawa na 100,000 za ziada. Kuanzia tarehe 23 hadi mwisho wa mwezi deni likawa 800,000.

Hesabu ya kwanza ilitoa riba ya 15,358.90. Tofauti na benki: 1,758.91. Mtu mwenye haraka angeandika barua ya malalamiko siku hiyohiyo, na sehemu ya madai yake ingeanguka.

Taarifa nyingi zina safu mbili za tarehe. Moja ni ya siku muamala ulipoandikwa. Nyingine ni ya siku pesa zinapoanza kuhesabiwa katika riba. Kwa malipo ya kawaida hulingana. Kwa hundi zinaweza kuachana, kwa sababu hundi husubiri kuthibitishwa na benki ya aliyeiandika. Ile ya 900,000 iliandikwa tarehe 12 lakini ilianza kuhesabiwa tarehe 13. Kwa hiyo tarehe 12 nayo ilikuwa siku ya deni la 2,300,000, na safu B inapaswa kubeba tarehe ya pili. Salio lililochapishwa halisaidii hapa, maana linafuata tarehe ya kuandikwa; ndiyo sababu masalio yanajengwa upya badala ya kunakiliwa.

Baada ya marekebisho hayo, jumla ya madeni ya kila siku ni 35,600,000. Ukizidisha kwa 0.16 na kugawa kwa 365 unapata 15,605.48. Kiasi kilichopita kikomo ni 300,000 kwa siku nne, yaani 1,200,000. Asilimia 6 yake, ikigawanywa kwa 365, ni 197.26. Riba halali ni 15,802.74. Bado benki imezidisha 1,315.07.

Hatua inayofuata ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na wengi huiruka: kuirudisha tofauti yenyewe kinyumenyume. Kiasi peke yake hakisemi kilikotoka. Kizidishe kwa 365, kisha ukigawe kwa kila kiwango cha riba kilichomo katika barua, uone kama inatokea namba inayojulikana. Kwa asilimia 16 inatoka takriban 3,000,000, ambayo hailingani na siku wala salio lolote la mwezi huo. Kwa asilimia 6 inatoka 8,000,000 karibu kamili, yaani 2,000,000 mara siku nne. Hicho ni kikomo chenyewe, kwa siku zilezile nne ambazo kilipitwa. Riba ya adhabu ilitozwa juu ya deni lote la 2,300,000 badala ya zile 300,000 za juu.

Tofauti ya senti chache isingestahili msako huo. Benki inayokadiria kila siku kwa senti kamili inaweza kuachana na jedwali kwa hadi senti 15 katika siku 30. Nayo tofauti inayofanana kwa uwiano kila mwezi, takriban asilimia 1.4 ya riba yote, huashiria mwaka wa siku 360.

Kiwango chenyewe nacho huweza kubadilika katikati ya mwezi. Anayekagua taarifa za zamani za Kenya akumbuke kwamba ukomo wa riba ulianza tarehe 14 Septemba 2016 na ukaondolewa Novemba 2019. Mwezi kama huo wa Septemba hukatwa vipande, kila kipande na kiwango chake.

Madai ya duka yanasimama juu ya sentensi moja ya barua ya ofa. Kama ingesema adhabu itatozwa kwenye deni lote kikomo kikipitwa, 17,117.81 ingekuwa sahihi na jedwali lisingekuwa na la kudai. Kwa kuwa inataja kiasi kilichozidi tu, barua kwa benki inaambatanishwa na ukurasa huo, masalio ya tarehe 9 hadi 12, na mstari unaoonyesha 8,000,000 ilivyopatikana. Inaomba pia marejesho yahesabiwe kuanzia 30 Juni. Yakiingia tarehe 20 Julai bila kurudishwa nyuma, na akaunti ikiwa bado ina deni, zile 1,315.07 zitakuwa zimezaa riba ya siku 19, shilingi 10.95 nyingine.