Mipasuko kwa Sekunde

Juu ya kilima cha Mont Amba, katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, kuna kinu cha nyuklia kinachoitwa TRICO II. Kilianza kazi mwaka 1972, kikasimamishwa mwaka 2004, na nguvu yake kamili ni megawati moja ya joto. Ni kinu cha utafiti, hakikujengwa kuzalisha umeme. Moyo wake umezamishwa ndani ya tangi la maji, na joto linalotoka humo huondolewa tu na kutupwa hewani. Kaka yake, TRICO I wa mwaka 1959, ndiye aliyekuwa kinu cha kwanza barani Afrika. (Watu wa Katanga wana haki ya kukumbusha kwamba kabla Kinshasa haijapata kinu, mgodi wao wa Shinkolobwe ulikuwa umekwisha kulisha mabomu ya wengine.)

Mkadiriaji hupenda megawati moja kwa sababu ni namba isiyo na mikia. Swali ni hili: ili joto hilo lisipungue, viini vingapi vya urani vipasuke kila sekunde? Anayeijua kazi hii hukimbilia kwanza namba moja tu, nishati ya mpasuko mmoja. Ni kama elektroni-volti milioni 200.

Namba hiyo ina historia inayofunza ukadiriaji wenyewe. Siku za Krismasi mwaka 1938, Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch walikuwa Kungälv, Uswidi, wakitafakari habari kutoka Berlin kwamba urani iliyopigwa na nyutroni imezaa bariamu. Walijiuliza: kiini kikigawanyika vipande viwili, na vyote viwili vina chaji chanya, vitasukumana kwa nishati gani? Jibu likawa kama milioni 200. Kisha Meitner akaijia kwa upande mwingine. Alizikumbuka kanuni za kukokotoa uzito wa viini, akaona kwamba vipande viwili kwa pamoja ni vyepesi kuliko kiini kizima kwa karibu moja ya tano ya uzito wa protoni. Uzito huo uliopotea, ukigeuzwa nishati, nao ni karibu milioni 200. Njia mbili zisizojuana zilikutana, na hapo ndipo wakaamini.

Sasa tugeuze kipimo. Elektroni-volti moja ni jouli 1.6 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo mpasuko mmoja hutoa jouli 3.2 × 10⁻¹¹. Megawati moja ni jouli milioni moja kila sekunde. Gawanya:

10⁶ ÷ (3.2 × 10⁻¹¹) ≈ 3.1 × 10¹⁶

Hiyo ni mipasuko trilioni 31,000 kila sekunde. Namba kubwa namna hii haimwambii mtu chochote mpaka aipeleke mahali inapopimika. Izidishe kwa sekunde 86,400 za siku nzima, ugawanye kwa namba ya Avogadro, uzidishe kwa 235: unapata gramu moja na ushei. Megawati moja, siku moja, gramu moja ya urani-235 iliyopasuka. Anayetaka joto hilohilo kwa mkaa atahitaji karibu tani tatu kwa siku. Mimi nadhani gramu hii ndiyo ya kukariri, kwa kuwa inafichua makosa papo hapo. Mwanafunzi akisahau kwamba elektroni-volti zilihesabiwa kwa mamilioni, atapata tani moja ya urani kwa siku, wakati moyo mzima wa kinu cha aina hii una kilo mbili tatu tu za urani-235.

Lakini je, milioni 200 zote hugeuka joto la maji? Hapa ndipo ufundi unapoanza kuwa mtamu. Sehemu kubwa, karibu milioni 170, ni mwendo wa vipande viwili, navyo husimama ndani ya fueli yenyewe kabla hata ya kusafiri unene wa unywele. Sehemu nyingine ni ya nyutroni na miale ya gama. Kama milioni tisa huchukuliwa na antinyutrino, ambazo hupenya maji, zege, kilima na dunia yote, zikaenda zao. Hizo haziwezi kuhesabiwa kama joto. Kwa bahati, nyutroni zinazonaswa ndani ya kinu bila kupasua chochote huzaa gama yenye nishati inayokaribiana na ile iliyopotea. Hasara moja inafidiwa na faida nyingine, na 200 inabaki kuwa namba ya kuaminika. Anayeiacha hivyo bila kujua sababu amepata jibu sahihi kwa bahati ya mwenzake.

Tuijaribu kama Meitner, kwa njia ya pili. Chukua kinu cha megawati moja chenye kilo mbili na nusu za urani-235, yaani viini 6.4 × 10²⁴. Nyutroni za polepole zinazopita kila sentimeta mraba kwa sekunde, kwa wastani wa moyo, ni kama 10¹³. Kila kiini huzionyesha shabaha ya takriban 4 × 10⁻²² ya sentimeta mraba. Zidisha zote tatu, utapata 2.6 × 10¹⁶. Haikugonga 3.1 barabara, na wala haikupaswa, maana mtiririko wa nyutroni umekadiriwa kwa jicho. Ila hesabu hii imetoka kwenye nyutroni, ile ya kwanza ilitoka kwenye joto, na zimekaa jirani. Inatuambia pia jambo ambalo ya kwanza ililificha: katika moyo huo, kiini cha urani kingesubiri zamu yake kwa wastani wa zaidi ya miaka sita ya nguvu kamili bila kupumzika.

Kwenye kinu halisi hakuna anayehesabu mpasuko mmoja mmoja. Vihisi vya nyutroni hutoa mkondo wa umeme unaolingana na mipasuko, lakini ulinganifu huo hubadilika pale fimbo za udhibiti zinaposogea na kukitia kihisi kivulini. Kwa hiyo waendeshaji hurudi kwenye maji. Huzima upoozaji, hushikilia kipimo kwenye kilowati 100, na kutazama joto la tangi. Tuseme tangi lina tani 20: maji yanapaswa kupanda nyuzi 4.3 kwa saa. Yakipanda nyuzi 4 tu, nguvu ya kweli ni kilowati 93 hivi, pamoja na kidogo kilichovujia kwenye zege na hewani, na kihisi kinarekebishwa.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Karibu milioni 13 kati ya zile 200 hazitoki papo hapo. Hutolewa taratibu na vipande vinavyoendelea kuoza, vingine kwa sekunde, vingine kwa miaka. Kinu kilichowashwa sasa hivi hakijaanza kuzipata, kwa hiyo ili kufikia megawati ileile kinapasua viini vingi zaidi kidogo, karibu 3.3 × 10¹⁶. Kikizimwa baada ya kufanya kazi muda mrefu, deni hilo hulipwa kinyume. Fimbo zimeshuka na mipasuko imekaribia kwisha, lakini maji bado yanapokea zaidi ya kilowati 60, na saa moja baadaye bado zaidi ya kilowati 10. Mtu akigawanya joto hilo kwa 3.2 × 10⁻¹¹ atapata idadi nzuri kabisa ya mipasuko ambayo haikutokea.