Uyoga wa Kinoru na nyuzi za kuazima

Hadithi fupi ninayoizungumzia ina kurasa sita. Mwandishi wake ni rika langu, na ameomba jina lake lisitajwe hadi ichapishwe, kwa hivyo nitamwita mwandishi tu. Mvua ya kwanza ya Oktoba imenyesha Kinoru, pembeni mwa mji wa Meru. Usiku kumbikumbi wamejaa kwenye taa. Siku chache baadaye mvulana wa miaka kumi anakuta uyoga umechipuka nyuma ya jiko la nyanya yake, kando ya kichuguu. Babake yuko Nairobi na simu hapigi. Baba yake mdogo anataka kichuguu kisawazishwe ajenge vyumba vya kupangisha. Nyanya hataki. Ndiyo hadithi yote, na inatosha kabisa.

Ukurasa wa pili ndio bora. Mvulana anataka kuung'oa uyoga kwa mkono, nyanya anamzuia na kumpa panga achimbe pole pole. Shina halikatiki. Linazidi kushuka, likizidi kuwa jembamba kama mkia wa panya, mpaka mkono wa mtoto unazama hadi kwenye kiwiko. Mwandishi hapambi kitu hapo, anaangalia tu. Nilisoma ukurasa huo mara tatu.

Kisha inakuja shule. Mwalimu anawaambia wanafunzi kwamba chini ya ardhi kuna nyuzi za kuvu zinazounganisha miti, na kwamba mti mama huwalisha watoto wake kupitia nyuzi hizo. Jioni mvulana anakaa chini ya mwavokado na kuwaza nyuzi zikienda mbali, mpaka Nairobi kwa babake. Mwisho.

Hapo ndipo nina ugomvi nayo. Nyuzi hizo si za Kinoru. Zimetoka Kanada. Mwaka wa 1997 Suzanne Simard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti walioufanya kwenye misitu ya British Columbia, ulioonyesha kaboni ikihama kati ya miti ya betula na miti ya jamii ya msonobari. Utafiti ulikuwa wa kweli, lakini hadithi iliyojengwa juu yake ilikua kuliko ushahidi. Mwaka wa 2023 watafiti watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, waliupitia ushahidi huo wakaonyesha kwamba mambo mengi yanayosemwa kuhusu mama mti na watoto wake hayajathibitishwa msituni. Na hata tukiliacha hilo, mwavokado wa nyanya, kama mwembe na mkahawa, hushirikiana na kuvu wa aina nyingine, ambao hawatoi uyoga hata kidogo. Uyoga wa ukurasa wa pili haukutoka huko.

Ulitoka wapi basi? Mwandishi mwenyewe ametuonyesha, ila hakuona alichoonyesha. Uyoga unaotoka kando ya kichuguu baada ya mvua, wenye shina refu linaloshuka chini hivyo, ni uyoga wa mchwa. Ukiufuata ule mkia hadi mwisho, na wakati mwingine ni kina cha mita nzima, unafika kwenye chumba cha mchwa. Ndani kuna sega jepesi, lenye vitundu kama sponji, la rangi ya kahawia. Mchwa wafanyakazi hula miti mikavu na nyasi, chakula kinapita tumboni haraka, kisha wanakiweka juu ya sega kikiwa bado hakijasagika vizuri. Humo mna mbegu za kuvu, laini kama vumbi. Nyuzi zinatambaa, zinauvunjavunja ule ugumu wa mti ambao mchwa peke yake hauwezi, na kutoa vifundo vidogo vyeupe kama kichwa cha pini. Mchwa wanavila. Sehemu kuukuu ya sega wanaila pia.

Kumbe hizo ndizo nyuzi zilizofichwa: shamba. Kuna anayepanda, anayepalilia na anayekula. Hakuna mama anayemtumia mtoto sukari kwa upendo. Kuvu anahitaji mchwa wamletee chakula, mchwa wanahitaji kuvu akiive, na mmoja akiondoka mwingine anakwisha. Watu wamejaribu kuotesha uyoga huu kama wanavyootesha ule wa dukani, wakashindwa, kwa sababu ukiondoa mchwa, shamba halina mkulima.

Sasa rudi kwenye kichuguu na ile ploti. Uyoga huu hurudi mahali palepale msimu baada ya msimu kwa sababu sega liko chini palepale. Ukisawazisha kichuguu na kulitoa kundi zima, hakuna uyoga tena. Nyanya akisema kichuguu kisiguswe, si ushamba wala ukaidi wa wazee: anajua anacholinda. Lakini hadithi ikishahamia kwenye nyuzi za miti, kichuguu kinageuka pambo, na ugomvi wa nyanya na mwanawe unapoa. Baba mdogo angeweza kujenga vyumba ishirini na mwavokado ubaki na nyuzi zake. Mwandishi alikuwa na mgogoro mkononi, akauachilia ili apate mfano mzuri wa kufariji.

Kuna kosa lingine dogo, ukurasa wa tatu. Mvulana anaokota uyoga mwingine kwenye nyasi karibu na uwanja wa Kinoru, na nyanya anaupika bila kuuangalia. Siamini. Kwenye nyasi za mjini hutokea uyoga mkubwa mweupe, wenye pete shinani na kitako kilichovimba badala ya mkia mrefu, ambao vilia vyake vya chini vinaanza kuwa kijani ukikomaa. Huo hutapisha mtu vibaya sana. Na mkia peke yake pia si cheti cha usalama, kwa sababu kuna uyoga mwingine wenye mizizi. Mwanamke aliyesema chimba usivute hawezi kuwa huyohuyo anayetupa chochote kwenye sufuria.

Najua jibu litakalokuja: hii ni hadithi, si mtihani wa baiolojia. Sawa. Mimi mwenyewe niliacha chuo, simtafuti mwandishi alama. Ninachosema ni kwamba ukweli hapa ulikuwa na hadithi kali zaidi, na ilikuwa imeshaandikwa nusu. Wale kumbikumbi wa ukurasa wa kwanza! Katika aina nyingi za mchwa hawa, kumbikumbi hutoka nyumbani bila kubeba kuvu. Wanaruka, wanapoteza mabawa, dume na jike wanachimba shimo na kulea wafanyakazi wa kwanza. Hao ndio hutoka nje kutafuta mbegu, na mbegu hizo zimetoka kwenye uyoga uliochipuka juu ya vichuguu vya zamani. Aliyeondoka anaanza maisha kwa kile kinachotoka kwenye nyumba kongwe. Kuna baba aliyeko Nairobi na nyumba inayotaka kubomolewa, na mwandishi anatuzungumzia Kanada?

Ningekuwa mhariri ningemwondoa mwalimu kabisa. Ningemwacha baba mdogo alete jembe Jumamosi asubuhi, apige mara moja, kipande cha kichuguu kianguke na sega lionekane, na vile vifundo vyeupe juu yake. Mvulana aone ule mkia aliochimba na nyanya unaishia wapi. Halafu nyanya atoke jikoni.